Barua ya wazi kwa wahandisi wahitimu: andikeni cheo kilichomo kwenye mkataba

Wanangu mlio kwenye mafunzo kazini, nanyi mliomaliza mkataba wenu wa kwanza,

Tangu nistaafu, simu nyingi ninazopigiwa ni za kazi mnazoomba ninyi. Mmenitaja kuwa mdhamini wenu, nami nilikubali kwa moyo mmoja, maana tulikuwa wote saiti na najua mnachokiweza. Lakini siku hizi simu hizo zinanitia uchungu. Naulizwa habari za kijana ninayemfahamu vizuri, halafu nasomewa sifa za mtu nisiyemjua.

Naomba mjue simu hiyo inavyokwenda, kwa sababu wengi wenu hamjawahi kuwa upande wa pili. Anayepiga ni ofisa rasilimali watu, au mhandisi wa kampuni inayotaka kuajiri. Mbele yake ana CV uliyomtumia, na kwenye kompyuta amefungua profaili yako ya LinkedIn. Hana haja ya kusikia kwamba wewe ni kijana mwema. Anataka kujua ulianza lini na ukaondoka lini, cheo chako kilikuwa kipi, uliripoti kwa nani, chini yako walikuwepo watu wangapi, na ni kazi gani hasa ilikuwa mikononi mwako. Mwisho huuliza kama ningekuajiri tena. Hapo pa mwisho naweza kukusemea kwa mapenzi. Huko juu kote siwezi, kwa sababu majibu yake yameandikwa kwenye mafaili ya ofisi, na akitaka atayapata bila mimi.

Mwenzenu mmoja, ambaye simtaji yeye wala waliomwajiri, aliomba kazi mwaka 2024. Profaili yake ilisema alikuwa Meneja Mradi wa ujenzi wa barabara ya lami tangu Januari 2021, na mbele ya tarehe hiyo palikuwa pameachwa lile neno "Present", kana kwamba bado yuko pale. CV yake ilisema Mhandisi wa Saiti, Machi 2021 hadi Desemba 2022. Mimi niliyekuwa naye najua kwamba mkataba wake ulikuwa wa mhandisi mhitimu aliye mafunzoni, ulianza Machi 2021 na kuisha Septemba 2022. Ile miezi mitatu ya mwisho alikuwa anasubiri nyongeza ya mkataba ambayo haikuja.

Kwa hiyo mtu mmoja, kazi moja, na vyeo vitatu. Yule mama aliyenipigia hakukasirika wala hakupandisha sauti. Aliniuliza tu nani alikuwa anasaini hati za malipo ya mkandarasi, na nani alikuwa anaongoza vikao vya saiti vya kila mwezi. Meneja mradi ndiye hufanya mambo hayo, na nilijibu kwamba si yeye. Baada ya hapo mazungumzo yakafupika. Nilijaribu kueleza uwezo wa kijana, lakini nilihisi kabisa kwamba kila sifa ninayoitoa inapokelewa kwa mashaka.

Kinachoniuma ni kwamba kazi aliyoomba ilikuwa ya mhandisi wa saiti, na aliiweza. Pale kwetu alisimamia kalavati. Alikagua nondo kabla ya kumwaga zege, akachukua kyubu za vipimo na kuhakikisha zinafika maabara zikavunjwe siku ya 7 na siku ya 28, na fomu za ukaguzi zilikuwa na saini yake. Siku moja lilikuja gari la zege, akapima slampu ikasoma milimita 160 wakati tulikubaliana isizidi 100. Dereva akabisha, msimamizi wa mkandarasi akaja juu, akamwambia anachelewesha kazi. Kijana akakataa kusaini, gari likarudi. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu, na ningeweza kulisimulia hilo kwa mwajiri yeyote kwa dakika kumi. Halikuwepo kwenye CV wala kwenye profaili. Nafasi yake ilichukuliwa na cheo ambacho mimi shahidi wake sikuweza kukitetea hata kwa sentensi moja.

Hilo ndilo ninalotaka mlielewe kuhusu vyeo vya kujipandisha. Mdhamini anaweza kuthibitisha tu kile alichokiona. Ukiandika kidogo ambacho nilikiona, nitakipa uzito mbele ya mwajiri. Ukiandika kikubwa ambacho sikukiona, umeninyamazisha hata kwa yale ya kweli.

Msidhani pia kwamba kila kitu kinategemea simu. Katika fani yetu hesabu za miaka husema zenyewe. Bodi ya Usajili wa Wahandisi hapa Tanzania ina madaraja yake: mhandisi mhitimu, mhandisi mtaalamu, mhandisi mshauri. Kutoka mhitimu kwenda mtaalamu kunataka mafunzo ya vitendo yasiyopungua miaka mitatu, na ndiyo maana programu ya mafunzo kazini ya SEAP ni ya miaka mitatu. Sasa aliyehitimu 2021 akijiandika mhandisi mtaalamu mwaka 2022, msomaji anayeijua fani ameshamaliza kazi yake. Hahitaji kumpigia mtu. Na akitaka uhakika, usajili una namba, na bodi inayo orodha ya iliowasajili. Hili la usajili ni la sheria pia, si la adabu peke yake: asiyesajiliwa haruhusiwi kujinadi kuwa mhandisi, kwa hiyo ile "Mha." mnayoiweka mbele ya jina kabla hata barua ya bodi haijatoka, iondoeni leo.

Tarehe nazo zina mashahidi wengi. Kuna mkataba, kuna barua ya kumaliza mkataba, kuna michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii inayoonyesha mwezi hadi mwezi nani alikuwa anakulipia. Kuna cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anatakiwa akupe unapoondoka. Wengi wenu hamkiombi, mnaondoka na picha za saiti tu. Kiombeni. Wenzetu wa Kenya nao wana haki hiyo katika Sheria ya Ajira ya 2007, na cheti chao hutaja tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha na aina ya kazi. Ni mambo yale yale ambayo CV na profaili vinatakiwa vikubaliane nayo. Na mwajiri makini hapigi simu kwa uliowataja tu. Hutafuta mwenyewe namba ya ofisi uliyosema ulifanyia kazi.

Wala msifikiri hili huwapata wadogo pekee. Mwaka 2012 Scott Thompson alikuwa mkurugenzi mtendaji wa Yahoo, ana miezi minne tu kazini. Maelezo yake rasmi yalisema ana shahada ya uhasibu na sayansi ya kompyuta kutoka Chuo cha Stonehill. Mwekezaji mmoja akalinganisha maandishi: nyaraka za kampuni ya eBay, alikotoka, zilitaja uhasibu tu. Chuo chenyewe hakikuwa kikitoa shahada ya kompyuta alipohitimu 1979. Baada ya siku chache akaondoka. Uhasibu aliusoma kweli, na uongozi aliujua kweli. Kilichomwangusha ni karatasi mbili kusema maneno mawili tofauti juu ya mtu mmoja.

Sasa mfanyeje? Wekeni mezani mkataba, barua za kupandishwa cheo kama zipo, na cheti cha utumishi. Kisha fungueni CV na profaili kwa pamoja, mpitie kazi moja baada ya nyingine. CV inaweza kuwa ndefu na profaili fupi, hakuna ubaya. Lakini jina la mwajiri, cheo, mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza, shahada na daraja la usajili lazima viwe vilevile pande zote mbili. Kazi iliyokwisha, nendeni kwenye profaili mtoe alama palipoandikwa "I am currently working in this role" na mjaze mwezi wa mwisho. Pengo la miezi michache halimtishi mwajiri wa ujenzi, kila mtu anajua miradi huisha.

Najua mtaniuliza habari ya vyeo visivyoeleweka. Kuna kampuni zinazomwita kila mtu "ofisa mradi", na ukiandika hivyo hakuna atakayejua ulikuwa unafanya nini. Andika cheo kama kilivyo, halafu mstari unaofuata useme kazi: ofisa mradi, niliyesimamia ukaguzi wa kalavati na vipimo vya zege chini ya mhandisi mkazi. Kama ulikaimu, andika kaimu, taja miezi uliyokaimu, na uwe na barua. Ikiwa hakuna barua, sema ulimsaidia mhandisi mkazi alipokuwa likizo. Na wale mliosajili jina la biashara mkapata vibarua viwili vya kuchora nyumba, "mkurugenzi mtendaji" wa ofisi ya mtu mmoja humfanya msomaji aulize wafanyakazi wako wako wapi. Andika kwamba unafanya kazi za kujitegemea, utaje ulichochora.

Zaidi ya cheo, angalieni vitenzi na fedha. "Nilisimamia mradi wa shilingi bilioni kadhaa" ni sentensi ninayoiona kila mara, na karibu kila mara ni uongo wa kitenzi, kwa sababu mradi ulikuwa na thamani hiyo kweli ila aliyeandika alikuwa na kipande chake. Tenganisheni viwili hivyo. Semeni mradi ulikuwa wa ukubwa gani, kisha mseme sehemu yenu ilikuwa ipi, kwa idadi ambayo aliyekuwepo anaweza kuikubali: kalavati ngapi, kilomita zipi, mafundi sanifu wangapi walikuwa wanakuripotia. Kama hakuwepo hata mmoja, usitaje.

Kwa aliyekwisha kutuma maombi yenye makosa: rekebisha profaili, rekebisha CV, kisha mwandikie mwajiri barua pepe fupi ukimpa nakala sahihi na kumwambia ni kipi kimebadilika. Kufuta kimyakimya hakusaidii, kwa sababu nakala ya kwanza anayo. Waajiri wengine watakuacha. Wengine watakuita, na ukiitwa utaingia kwenye usaili huku huna la kukumbuka zaidi ya yaliyotokea.

Na mnaotaka kunitaja mimi, endeleeni kunitaja. Nitumieni kwanza CV na kiungo cha profaili, pamoja na tangazo la kazi, angalau wiki moja kabla ya kutuma maombi. Nitasoma vyote viwili. Nikikuta neno nisiloweza kulithibitisha nitawapigia tulizungumze, na kama kuna jambo zuri nililoliona mkalisahau, nitawaambia mliongeze.

Mzee wenu wa saiti