Kwa vijana wetu mliosoma Tanzania na sasa mnatafuta kazi Mombasa

Wanangu, hamjambo.

Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya kupokea maombi ya kazi katika kampuni za mizigo hapa Kilindini, na hata baada ya kustaafu bado naletewa bahasha nizitazame. Leo nasema na nyinyi mliosoma Tanga, Dar au Unguja mkarudi nyumbani. Vyeti vyenu havina tatizo. Tatizo ni kwamba anayevisoma hapa anavisoma kwa hesabu za Kenya, nanyi hamumwambii kwamba hesabu ni nyingine.

Kijana mmoja wa Likoni, aliyelelewa kwa shangazi yake Tanga, aliniletea wasifukazi wake. Kwenye elimu kulikuwa na mstari huu tu: "Shahada ya Ununuzi na Ugavi, NTA 8, miaka 3, GPA 3.6." Yeye aliona kamaliza. Mimi niliona mitego mitatu.

Wa kwanza ni hiyo 8. Kwenye ngazi za vyuo vya ufundi vya Tanzania, NTA 6 ni stashahada, NTA 7 ni stashahada ya juu, na shahada ya kwanza iko NTA 8. Kwenye ngazi za Kenya, KNQF, diploma pia ni 6, lakini shahada ya kwanza ni 7, na 8 ni diploma ya baada ya shahada. Kwa hiyo namba zinakutana kwenye 6, kisha zinaachana. Afisa wa ajira akiona 8 anaweza kudhani umesoma zaidi ya ulivyosoma, na mwenye NTA 7 anaweza kuchukuliwa kuwa ana shahada. Siku cheti kitakapofunguliwa mezani utaonekana ulidanganya, na wala hukudanganya. Taja jina la cheti kwanza, namba baadaye, na useme ni ngazi za nchi gani.

Wa pili ni miaka mitatu. Waajiri wengi wa hapa walipitia minane, minne, minne, kwao shahada ni miaka minne, kwa hiyo mitatu inaonekana pungufu. Lakini huyu kijana alisoma saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na cha sita, ndipo mitatu ya chuo. Jumlisheni: 16 kwa 16. Sasa angalieni alichofanya: kidato cha sita alikitoa kabisa, eti ni mambo ya shule. Ile miwili ndiyo inayolipa pengo! Irudishe. Na ukiandika matokeo yake, eleza kwamba Daraja la Kwanza ndilo la juu na kwamba pointi chache ndizo bora, kwa sababu kwenye KCSE pointi nyingi ndizo nzuri, na mtu akisoma "pointi 9" atakuhurumia bure.

Wa tatu ndio unaoponza wengi. GPA 3.6 ya nini? Kule kipimo ni 5, na kuanzia 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu. Asiyejua ataisoma kama 3.6 ya 4, akuone bingwa. Wengine, kwa nia njema, wanaigeuza kuwa asilimia: 3.6 gawanya kwa 5, asilimia 72. Msifanye hivyo hata siku moja. Vyuo vingi vya hapa huhesabu 70 kuwa daraja la kwanza, kwa hiyo utakuwa umejipandisha daraja ambalo chuo chako hakikukupa. Andika namba, kipimo chake na jina la daraja kama lilivyo kwenye cheti.

Tuliuandika upya hivi:

"Shahada ya kwanza ya Ununuzi na Ugavi, Tanzania (miaka 3 baada ya kidato cha sita, NTA 8 kwa ngazi za Tanzania). GPA 3.6 kati ya 5.0, daraja la pili la juu."

Mistari miwili. Barua ya maombi haina haja ya kurudia somo hilo. Hapo zungumza kazi.

Neno "inalingana na" msiliandike kwa kujipimia wenyewe. Kuna mamlaka ya kulisema, KNQA, na mwajiri anaweza kudai barua yao. Anzeni kuitafuta kabla ya tangazo la kazi kutoka, maana siku za mwisho wa maombi hazisubiri ofisi. Ikiwa bado haijatoka, andika "ombi limewasilishwa" na tarehe, si "imetambuliwa". Wauguzi, wahandisi na wanasheria, nyinyi mna mabaraza yenu ya usajili pia. Barua ya KNQA peke yake haikupi ruhusa ya kufanya kazi.

Na mkiitwa kwenye usaili, bebeni ile hati ya matokeo yenye maelezo ya madaraja, mara nyingi yamechapwa nyuma au chini kwa herufi ndogo. Ukiulizwa kuhusu 3.6, mwonyeshe hapo kwa kidole.

Mzee wenu,
Mji wa Kale, Mombasa