Betri ya mAh 5000 mbona imeandikwa 4855? Sio feki bosi

Wiki iliyopita mteja katuletea S22 Ultra tumbadilishie betri, tukaitoa ile ya zamani iliyokuja na simu, akaigeuza akasoma lebo, akanuna. "Nilinunua simu ya 5000 hii inasema 4855, yani nimepigwa tangu dukani?" Hajapigwa. Na hili swali tunaulizwa sana kwahiyo acha tulielezee.

Betri zinavyotoka kiwandani hazilingani, hata zikiwa za mashine moja na siku moja. Moja inaweza kubeba 5030, nyingine 4960, nyingine 4900 na kitu, maana kemikali inayopakwa ndani haiwezi kukaa sawasawa kabisa kila mara. Sasa kampuni inapima sampuli kadhaa inachukua wastani, hapo ndo inapata 5000, hiyo ndo wanaita Typical na ndo inaenda kwenye tangazo (nani atangaze ndogo?). Ile Rated ya 4855 ni kima cha chini, yani kampuni inasema betri yoyote mpya ya simu hii isishuke hapo. Tofauti yake ni 145, kama asilimia 3 tu. Samsung wenyewe wameiandika kwenye tovuti yao, ila kwa maandishi madogo kule chini kabisa ambako hakuna mtu anafika. Betri nyingi za Redmi utakuta zote mbili kwenye lebo, moja ina (typ) nyingine (min), hiyo min ndo kima cha chini chenyewe.

Na hizo namba zinapimwa maabara, betri mpya, inajazwa chaji halafu inanyonywa taratibu kama masaa matano hivi kwenye joto la kawaida la chumba. Wewe unacheza gemu juani na data imewaka, usitegemee matokeo yale yale. Simu ikishatumika miaka miwili ndo kabisa, hapo kinachoipunguza ni uzee wa betri, haihusiani na typical wala rated.

Kwahiyo ukija kubadilisha betri, linganisha rated na rated. Ya zamani inasema 4855, mpya nayo inasema 4855, safi. Ila ukiona mtu anakuuzia betri ya simu hiyo hiyo, saizi ile ile, imeandikwa 6500, hapo ndo ushtuke, nafasi ndani ya simu haijaongezeka sasa huo umeme wa ziada umekaa wapi? Tumeshazipima za hivyo, zingine hata 4000 hazifiki.

Yule mteja tulimwekea mpya, lebo 4855, akaipiga picha kabla hatujafunga mfuniko. Ruksa, hata wewe ukija piga.