Somo la kwanza la kuogelea, Bangwe

Jamani, hii picha ya leo asubuhi pale Bangwe, Kigoma, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, itazameni vizuri. Dada yetu wa fulana ya njano anacheka, na muda mfupi kabla alikuwa amening'ang'ania mkono, maji yakiwa kiunoni tu! Hofu humfanya mtu ainue kichwa. Kichwa kikiinuka miguu inazama, naye anadhani ziwa linamvuta. Nikamshika kisogo, nikamwambia alaze masikio majini, atazame juu, avute pumzi na kuibana kidogo. Kifua kikajaa hewa, tumbo likapanda, akaelea. Nilipomwachia akapiga kelele, "Tanganyika imenibeba!" Kicheko kikamtoa pumzi, akazama kidogo, akasimama akicheka tena. Shujaa huyu!

Kesho tunajifunza kutoa pumzi puani, uso ukiwa majini. Njooni mapema, kabla ziwa halijachafuka.