Barua ya wazi kwa Kamishna wa Kazi: vyeti vyetu si dhamana

Ndugu Kamishna,

Ninafundisha katika shule binafsi. Naandika kuhusu vyeti vyetu halisi, ambavyo baadhi ya waajiri huvichukua siku ya kusaini mkataba na kuvifungia kabatini hadi tutakapoacha kazi.

Mwalimu mwenzangu aliitwa kwenye usaili wa ajira ya serikali. Tangazo lilimtaka aende na vyeti halisi, na hati ya matokeo isingekubaliwa. Alipoomba vyeti vyake kwa siku mbili tu, meneja alimwambia alete kwanza barua ya kuacha kazi. Mtu mwenye watoto ataachaje mshahara kwa ajili ya usaili ambao hajui kama ataufaulu? Hakwenda.

Waajiri hujitetea kwamba walimu hutoroka katikati ya muhula, na wengine huondoka na mali ya shule. Hofu hiyo naielewa, lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeshaitibu. Kifungu cha 41 kinamtaka anayelipwa kwa mwezi, baada ya mwezi wa kwanza kazini, atoe notisi ya siku 28. Akikataa kufanya kazi katika muda huo, mwajiri anaruhusiwa kukata mshahara wa kipindi hicho kwenye malipo yake ya mwisho.

Kuhusu hasara kipo kifungu cha 28. Tuseme mwalimu anayelipwa shilingi 500,000 kwa mwezi ameharibu kwa uzembe, akiwa kazini, projekta ya shilingi 600,000. Mwajiri anapaswa kumwandikia chanzo cha hasara, kiasi na hesabu yake, kisha ampe nafasi ya kupinga. Deni likithibitika, makato hayazidi robo ya mshahara: shilingi 125,000 kwa mwezi, yaani deni linaisha ndani ya miezi mitano. Cheti hakihitajiki popote katika hesabu hiyo, na thamani yake kwa mwenyewe haina uwiano wowote na projekta.

Wapo watakaosema mwalimu alikabidhi kwa hiari na akasaini. Hiari gani, wakati asiyekabidhi hapewi kazi? Kifungu cha 6 kinakataza kazi ya kulazimishwa, na Shirika la Kazi Duniani limeorodhesha kuzuia nyaraka za utambulisho miongoni mwa dalili zake. Kwa mwalimu, cheti halisi kinafanya kazi ileile: bila hicho haondoki.

Mwajiri ana haki ya kuviona vyeti halisi, kubaki na nakala zilizothibitishwa na wakili, na kuvihakiki Baraza la Mitihani. Akishalinganisha, avirudishe siku hiyohiyo.

Tatizo ni kwamba sheria haitaji vyeti vya taaluma kwa jina, na mwanya huo ndio unaotumiwa. Naomba utoe waraka unaokataza jambo hili bayana. Pia Maafisa Kazi wako wanapokagua shule, wasiishie kwenye mikataba na orodha ya mishahara. Waombe kabati lifunguliwe, na vyeti vitakavyokutwa humo vikabidhiwe kwa wenyewe mbele yao.

Mwalimu wa shule binafsi,
Morogoro