Bima ya duka ya elfu moja kwa wiki inakulipa nini?

Wenye maduka wanaokuja ofisini kwetu huuliza swali moja kabla ya yote: "Nikikatwa elfu moja kwa wiki kwenye simu, duka likiungua nalipwa ngapi?" Ujumbe uliowaandikisha umetaja kiasi, tuseme milioni 2, kwa hiyo wao wanajua jibu ni milioni 2. Hicho ni kikomo tu. Malipo yenyewe yanaweza kuwa chini sana ya hapo, hata kama hasara ni kubwa kuliko hicho kikomo.

Chukulia mama mwenye duka la vitenge na nguo za watoto. Mzigo wake wote ni wa milioni 8, lakini bima aliyokata kwa simu ni ya milioni 2. Moto unateketeza nusu ya mzigo, yaani milioni 4. Yeye anasubiri milioni 2. Kama mkataba wake una kanuni ya uwiano, kampuni itapiga hesabu hivi: ulilipia bima ya robo ya mzigo, basi na sisi tunabeba robo ya hasara. Robo ya milioni 4 ni milioni 1. Robo tatu zilizobaki ni zake, kwa kuwa hakuzilipia ada.

Bado kuna ile sehemu ya hasara ambayo mteja hujibebea mwenyewe. Tuseme mkataba unasema asilimia 10 ya malipo, au shilingi 100,000, chochote kilicho kikubwa. Mama anapokea 900,000.

Hasara ndogo ndiyo inayouma zaidi. Nguo za 400,000 zikiungua, robo yake ni 100,000, ukitoa 100,000 ya kujibebea hakuna kilichobaki. Huyu mteja atatangaza soko zima kwamba bima ni wizi, na kwa upande wake hatuwezi kumshangaa, maana hakuna aliyemwambia.

Kuna mikataba isiyo na kanuni hiyo. Inalipa hasara halisi mpaka kikomo kiishe. Kwa mkataba wa namna hiyo mama yule yule angehesabiwa milioni 2, akatwe asilimia 10, achukue milioni 1.8. Ndiyo maana sisi hatuanzi kwa kulinganisha ada. Tunauliza kwanza kama uwiano upo. Ukiwa upo, na mzigo wako ni wa milioni 8, kata bima ya milioni 8. Kwa kiwango kile kile cha ada ni elfu nne kwa wiki, si elfu moja. Ukiona ni nzito, tafuta mkataba usio na uwiano hata kama kikomo chake ni kidogo.

Jambo la pili ni chanzo cha hasara. Mikataba ya bei ya chini kwa kawaida ni ya moto, na mingine huongeza wizi wa kuvunja. Mafuriko usiyahesabu mpaka uyaone yameandikwa. Wizi wa kuvunja maana yake pawe na alama: kufuli iliyokatwa, bati lililofunuliwa. Kijana wa dukani akiondoka na mauzo, haumo. Mali ya mkopo uliyowapa wateja haimo, na fedha taslimu za droo mara nyingi hazimo.

Halafu uthibitisho. Soko la Karume, Dar es Salaam, lilipoungua Januari 2022, na Kariakoo kabla yake Julai 2021, moto haukuchagua kati ya vitenge na daftari la mauzo. Daftari linalokaa dukani linaungua na duka. Kila ukifunga mzigo mpya, piga picha rafu na risiti za jumla, umtumie ndugu aliye nyumbani. Malipo unayofanya kwa simu kwa wauzaji wa jumla nayo ni ushahidi mzuri, kwa sababu taarifa yake hutolewa upya hata simu ikiungua. Utahitaji pia ripoti ya zimamoto, au namba ya RB kutoka polisi kama ni wizi.

Na laini. Bima hii humfuata mtu aliyesajili laini iliyokatwa ada. Kama unalipia kwa laini ya mwanao na leseni ya biashara ina jina lako, rekebisha leo, maana siku ya madai ndipo majina yanapogongana. Angalia pia salio: wiki ambayo makato yameshindikana, unaweza kuwa huna bima kabisa, na ujumbe wa kukuarifu huwa umejificha katikati ya matangazo.

Ukitaka tukusomee mkataba, njoo na ujumbe wa kujiunga, leseni na makadirio ya mzigo wako. Kusoma hatutozi. Kampuni tutaihakiki kwanza kama imesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini Tanzania.