“Mbona Kwenye Simu ni Pauni 620?”

Kila mwaka ikifika Septemba, simu ya ofisi yetu ya tiketi za ndege hapa Birmingham inajaa skrinishoti. Ni ndugu zetu wanaopanga kwenda nyumbani Desemba. Mtu anatuma picha ya bei aliyoiona kwenye aplikesheni, halafu chini yake anaandika: “Mbona ninyi ghali?” Wiki iliyopita dada mmoja alisema wazi kwamba tunawaibia Waswahili wenzetu. Neno hilo limeniuma, kwa hiyo naandika haya ili kila mtu ajue anachokiona kwenye ile picha ni kitu gani.

Kwanza niseme kwamba mimi mwenyewe natumia Google Flights na Skyscanner kila siku. Ni vyombo vizuri. Tatizo ni kwamba watu wanasoma bei tu, hawaifungui safari yenyewe.

Nichukue mteja wangu mmoja, mama wa watoto wawili. Yeye, mume na watoto walikuwa wanakwenda Dar es Salaam, Desemba. Mimi nilimpa pauni 695 kwa kila mtu, ada yetu ikiwa ndani. Aplikesheni ikamwonyesha pauni 620. Kwa watu wanne tofauti ni pauni 300, na sikumlaumu alipoamua kununua huko. Ila nilimwomba anionyeshe safari kamili, naye alikuwa amekwisha kulipa.

Alikuwa amenunua tiketi mbili tofauti. Moja ya Birmingham hadi Nairobi kupitia mji mmoja wa Ulaya, kwenda na kurudi. Nyingine ya Nairobi hadi Dar, kwenda na kurudi, kwa shirika lingine kabisa. Kwenye simu zilionekana kama safari moja, bei moja, mstari mmoja. Lakini pembeni kulikuwa na maneno madogo, “Self-transfer”. Google Flights nayo huandika “Separate tickets booked together”. Maana yake ni kwamba mashirika hayo hayana habari na safari yako nzima, na kazi ya kuziunganisha hizo ndege ni yako wewe.

Siku ya safari theluji ikaanguka. Ndege ikakaa uwanjani ikimwagiwa dawa ya kuyeyusha barafu, na wakatua Nairobi saa 3 usiku badala ya saa 1 jioni. Ndege ya Dar ilikuwa saa 4 na nusu. Ingekuwa tiketi moja, wangetembea tu hadi mlango wa ndege ya pili na mabegi yangehamishwa yenyewe. Lakini vibandiko vya mabegi yao viliandikwa NBO, yaani Nairobi, si DAR. Ikabidi wapange foleni ya uhamiaji, waingie Kenya, wasubiri mabegi manane kwenye mkanda, watoke nje, kisha waanze upya kwenye kaunta ya shirika la pili. Kaunta ilikuwa imefungwa tangu saa 3 na nusu.

Hapo ndipo pauni 300 zilipoliwa. Kwa shirika la pili, hawa ni abiria ambao hawakutokea. Tiketi ikafutwa, na siyo ya kwenda tu: mtu asipotokea kwenye kipande cha kwanza, kwa kawaida hata kipande cha kurudi kinafutwa. Wakanunua tiketi mpya nne za kwenda na kurudi, pauni 215 kila moja, jumla 860. Hoteli na teksi, pauni 130. Jumla pauni 990 kwa ajili ya kuokoa 300. Aliponipigia usiku ule watoto walikuwa wamelala juu ya mabegi, na sikuwa na la kumfanyia, kwa sababu tiketi haikuwa yangu.

Kwenye tiketi moja, theluji ile ile isingewagharimu kitu. Hata kama wangeikosa ndege ya pili, shirika lingelazimika kuwapeleka Dar kwa ndege inayofuata na kuwapa chakula na mahali pa kulala. Fidia ya fedha wasingepata, maana theluji si kosa la shirika, lakini wangefika.

Na afadhali hao walikuwa na eTA, kibali cha mtandaoni cha kuingia Kenya. Kaka mwingine, mwenye pasipoti ya Uingereza, alizuiwa kaunta ya hapa hapa Birmingham. Mhudumu aliona tiketi inayoishia Nairobi, akamwuliza eTA, hana. “Mimi naenda Dar,” akasema. Kwa tiketi ile, alikuwa anaenda Nairobi.

Namna ya kutambua tiketi moja ni rahisi. Kabla ya kulipa, uliza kama safari nzima ni tiketi moja. Ukishalipa, omba namba ya tiketi, siyo ile rejea ya herufi sita peke yake. Namba ya tiketi ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa: 157 ni Qatar Airways, 235 Turkish, 071 Ethiopian. Kila abiria awe na namba moja inayobeba safari nzima mpaka Dar. Ukiona namba mbili zenye mwanzo tofauti na rejea mbili, ujue hizo ni tiketi mbili.

Jambo la pili linalotugombanisha ni idadi ya abiria. Watu wanatafuta bei ya mtu mmoja, kisha wanaizidisha kwa nne. Viti vya daraja la kawaida vimegawanywa kwenye makundi ya nauli, kila kundi na herufi yake na idadi yake ya viti. Ukitafuta viti vinne, na kundi la bei ya chini limebaki na vitatu, mfumo hauwapi watatu bei ya chini na mmoja ya juu. Unawapandisha wote wanne. Ndiyo maana mtu ananiambia nimeongeza bei, kumbe nimetafuta familia nzima.

Hapo ada yetu inafanya kazi. Natafuta viti vinne, kisha vitatu, kisha kimoja. Nikiona kuna tofauti ya maana, nakata tiketi za watatu kwenye rejea moja na ya baba kwenye nyingine, halafu naliarifu shirika kwamba ni familia moja. Watoto siwatenganishi kamwe na mzazi, kwa sababu ndege ikibadilishwa ratiba, rejea mbili zinaweza kupangwa siku mbili tofauti.

Kwa hiyo unapoweka tahadhari ya bei kwenye Google Flights, weka kwanza abiria wote, na watoto kwenye kundi la umri wao. Andika DAR kama mwisho wa safari, chuja “1 stop or fewer”, ndipo uwashe “Track prices” kwa tarehe zako. Washa na “Any dates” kama likizo ya shule inakuruhusu kusogea. Tahadhari ikija, ifungue muda huo huo mpaka ukurasa wa malipo, kwa maana bei ya kwenye orodha mara nyingine ni ya saa kadhaa zilizopita na kiti kimekwisha kuondoka.

Ukitutumia skrinishoti, usikate picha ukaacha bei peke yake. Tuonyeshe majina ya mashirika, namba za ndege, saa za kusubiri na mizigo. Ikiwa ni tiketi moja kweli na bei yako iko chini ya yetu, nitakwambia nunua huko huko. Mwaka jana niliwaambia hivyo wateja watatu. Yule mama aliyekwama Nairobi safari hii ametutumia picha nzima, kurasa nne, kabla ya kulipa chochote.