Wafungaji wa netiboli wanabebeshwa lawama zisizo zao

Ndugu Mhariri,

Timu ya netiboli ya shule ikifungwa, utasikia neno moja kuanzia kwa mkuu wa shule hadi kwa mama muuza maandazi getini: wafungaji wabovu. Nafundisha timu ya wasichana wa sekondari, na kwa miaka kadhaa nami niliamini hivyo. Katika saa moja ya mazoezi, dakika 40 zilikuwa za kurusha mpira kwenye ringi. Tulifungwa vilevile.

Mwaka jana mchezaji wangu mmoja aliteguka kifundo, nikampa daftari la hesabu la miraba ili asikae bure benchi. Nilimpa kazi moja tu: kufuata pasi zetu za senta. Katika netiboli pasi ya senta, ile inayoanzisha mchezo katikati ya uwanja baada ya kila goli, hupokezanwa, mara yetu mara yao, hata kama ni sisi tuliotoka kufunga. Kwa hiyo kila timu hupata nafasi karibu sawa za kuanzisha mashambulizi, na swali kubwa ni ngapi kati ya hizo zinaishia kwenye goli. Kila pasi yetu ya senta ilipata mstari wake. Mwisho wa mstari aliandika G kama tumefunga. Kama mpira umepotea, aliandika umepotelea wapi: katikati ya uwanja, kwenye theluthi yetu ya ushambuliaji, kwenye pasi ya kuingia duara la kufungia, au kwenye shuti lililokosa na wapinzani wakaudaka.

Awali alikuwa akiinama kuandika anapitwa na tukio. Tukaweka wawili, mmoja anatazama na kutamka, mwenzake anaandika bila kuinua macho. Pasi za wapinzani walizihesabu kwa vijiti tu, maana zetu na zao haziwezi kupishana zaidi ya moja. Zikipishana mbili, ujue kuna mstari umerukwa.

Baada ya mechi tatu tulikuwa na pasi za senta 60. Magoli yalikuwa 27. Kati ya zile 33 zilizopotea, mashuti yaliyokosa yalikuwa 6 tu, na pasi za kuingia duara zilikuwa 18. Wafungaji niliokuwa nikiwasimamisha chini ya ringi kila jioni hawakuwa wakiletewa mpira!

Daftari lilionyesha mahali, halikuonyesha sababu. Mechi ya nne tukaongeza alama moja: anayetoa pasi ya kuingia duara yuko ukingoni mwa duara au yuko mbali? Pasi 9 zilikatwa, na 7 kati yake zilirushwa kutoka mbali. Senta na WA, yaani mshambuliaji wa pembeni, walikuwa wakiogopa zile sekunde tatu za kukaa na mpira mkononi, wanarusha mpira mrefu juu kabla hawajasogea, huku GS, mfungaji wetu, amesimama nyuma ya beki kama nguzo.

Mazoezi yakabadilika hapo. Mashuti yakabaki dakika 15, na dakika 25 zikaenda kwenye zoezi moja: hakuna ruhusa ya kupenyeza mpira ndani mpaka mguu uwe karibu kugusa mstari wa duara, na GS haanzi kukimbia mpaka mtoaji awe ameudaka. Mabeki wetu wenyewe walisimama mbele kuzuia, kwa umbali wa sentimita 90 kama sheria inavyotaka.

Wiki tano baadaye tulicheza mechi tatu nyingine: pasi za senta 58, magoli 33, zilizokatwa kuingia duara 10. Sijidanganyi, timu moja kati ya hizo ilikuwa dhaifu sana. Ukiiondoa, zinabaki pasi 39 na magoli 20, yaani tumetoka chini kidogo ya nusu na kuvuka nusu kidogo. Mechi mbili ni chache, lakini pasi zilizokatwa zilikuwa 8 kati ya hizo 39, na kabla zilikuwa 18 kati ya 60.

Jambo moja nililikosea, na mwalimu mwenzangu asilirudie. Niliwahi kuandika majina ya wanaopoteza mpira. Mechi iliyofuata WA wangu hakupoteza pasi hata moja ya kuingia duara, kwa sababu hakutoa. Kila akipata mpira alimrudishia senta. Tangu hapo daftari linaandika mahali, halimwandiki mtu.

Ninalo ombi kwa waandaaji wa mashindano ya shule. Karatasi ya mwandishi wa magoli mezani tayari ina mfuatano wa pasi za senta na kila shuti, lililoingia na lililokosa. Katika mashindano fulani niliomba kuipiga picha kwa simu baada ya mechi, nikaambiwa ni siri ya ofisi. Matokeo yamekwishatangazwa kwa kipaza sauti uwanja mzima. Siri iko wapi? Ruhusuni kila kocha aondoke na nakala yake.

Mwalimu wa michezo,
Morogoro